Unga wa mronge na mchicha wa sokoni: hesabu niliyoifanya Laare

Sisi watu wa Pwani tukisikia Laare, akili inakwenda kwenye miraa moja kwa moja. Mji wenyewe uko Igembe Kaskazini, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, na ni kweli kwamba tangu asubuhi shughuli kubwa pale ni kufunga vifurushi kwa majani ya mgomba na kuvipakia kwenye magari yanayoondoka mbio. Lakini safari hii sikwenda kwa sababu ya miraa, na sitaki kurudi kwenye ule ugomvi wa miraa na muguka ambao tumeshauchoka. Nilikwenda kumtazama shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeolewa huko na kijana wa Kimeru aliyesilimu akiwa anafanya kazi Mombasa. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na habari zilizotufikia nyumbani ni kwamba damu imepungua.

Nilimkuta amekaa nje juani, maana asubuhi za Laare zina baridi, uso umepauka na akipanda ngazi mbili tu anahema. Kadi yake ya kliniki ilionyesha damu 8.9. Kwa mama mjamzito kipimo hicho kikishuka chini ya 11 huhesabiwa kuwa upungufu, kwa hiyo 8.9 si jambo la kusema litapita lenyewe. Kliniki walikuwa wamempa vidonge vya kuongeza damu. Nilipomuuliza kama anavimeza, alinyamaza kidogo.

"Vinanichafua roho, shemeji," akasema. "Na choo kinakuwa kigumu, cheusi. Nimeviacha. Lakini nakunywa moringa, kijiko kimoja kila asubuhi kwenye uji. Hiyo ina chuma mara 25 kuliko spinachi."

Akanionyesha pakiti. Ilikuwa gramu 100 za unga wa kijani, zilizonunuliwa sokoni kwa shilingi 300. Nyuma yake imeandikwa orodha ambayo bila shaka nawe msomaji umewahi kuiona: kalsiamu mara 17 ya maziwa, vitamini A mara 10 ya karoti, protini mara 9 ya mtindi, chuma mara 25 ya spinachi. Mwanyumba wangu, mumewe, naye aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anakwenda kuununua mwenyewe, na hela hiyo haikuwa kidogo kwake.

Mti wenyewe sisi tunaujua. Ni mronge huu huu, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mlonge au mzunze. Asili yake ni Bara Hindi, na Wahindi wa Mombasa mpaka leo hupika yale maganda yake marefu kwenye mchuzi. Unapenda joto na nchi ya chini, kwa hiyo Laare kwenyewe hauonekani sana. Yule mama muuzaji alipoulizwa alisema unga wake unatoka huko chini Tharaka. Nilikwenda kuzungumza naye kwa sababu nilitaka kujua kama anauza kitu safi, na kwa kweli unga wake ulikuwa mzuri: kijani kibichi, mkavu, unanukia majani. Unga wa mronge ukiwa na rangi ya kahawia au ya kijani kilichofifia, ujue majani yalianikwa juani, na jua huteketeza sehemu kubwa ya vitamini A. Ukinusa ukapata harufu ya uvundo, majani yalitiwa kwenye mfuko kabla hayajakauka, na hapo kuna hatari ya kuvu. Mama huyu hakuwa na kosa lolote upande huo. Mezani pake, kando ya zile pakiti, alikuwa na mafungu ya terere, ambayo ni mchicha wetu, kila fungu shilingi 20. Mtu anampita mchicha ili anunue pakiti.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Mimi nilisomea stashahada ya lishe kabla ya kuingia kwenye uandishi, na jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa hili: ukilinganisha vyakula viwili, uliza kwanza kila kimoja kina maji kiasi gani. Mchicha mbichi ni maji tupu karibu. Katika gramu 100 za mchicha, kama gramu 92 ni maji. Sukuma wiki ni kama 90, spinachi 91. Jani bichi la mronge lina maji pungufu, kama gramu 79. Unga wa mronge una maji gramu 7 hivi. Sasa ile orodha ya nyuma ya pakiti inachukua gramu 100 za unga mkavu na kuziweka kwenye mizani pamoja na gramu 100 za spinachi mbichi yenye maji yake yote. Ni kama kulinganisha zabibu kavu na zabibu mbichi kisha useme kavu zina sukari ya miujiza.

Orodha hiyo ina historia yake. Ilienea kutokana na kazi ya Lowell Fuglie, aliyekuwa Senegal na shirika la Church World Service miaka ya 1990, akijaribu kuwasaidia akina mama na watoto waliokonda kwa kutumia mti ulioota mlangoni mwao. Nia ilikuwa njema na vipimo vya unga havikuwa vya uongo: protini gramu 27 katika gramu 100, kalsiamu kama miligramu 2,000, chuma kama miligramu 28. Kilichopotosha watu ni ule mfano wa pembeni. Hata hiyo "mara 25" inahitaji spinachi yenye chuma kidogo mno. Kwa jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani, ambalo ndilo nimelitumia kwa mboga zote mbichi humu, spinachi ina chuma miligramu 2.7, na jibu linakuja kama mara 10. (Tena ile tunayoiita spinachi Kongowea, yenye majani mapana na bua nene jeupe, kwa kweli ni jamaa wa biti, na chuma chake ni 1.8. Lakini tusiende huko.)

Basi nikafanya hesabu ya haki. Nilizikausha mboga nyingine nazo, kwa kalamu, mpaka zibaki na maji yale yale ya unga wa mronge. Nikianza na mchicha, una protini gramu 2.5 ukiwa mbichi. Ukikaushwa zinakuwa 27 na zaidi kidogo. Chuma chake 2.3 kinakuwa kama 26, na kalsiamu 215 inakuwa kama 2,400. Sasa weka kando ya mronge: protini 27, chuma 28, kalsiamu 2,000. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu nilidhani nimekosea. Mchicha mkavu na mronge mkavu ni karibu kitu kimoja, na kwa kalsiamu mchicha unatangulia. Sukuma wiki nayo, ikikaushwa, inatoa protini 27 na kalsiamu 2,000 na ushei. Ni kwenye chuma tu ndipo sukuma inaanguka kabisa, kwa sababu hata ikiwa mbichi haina zaidi ya nusu miligramu.

Niliporudi Pwani nililithibitisha jambo la maji kwa mikono yangu. Nilichuma kilo moja ya majani ya mronge kwenye ua wa jirani, nikaondoa vijiti, nikayatandaza ukumbini kivulini juu ya shuka, nikiyageuza asubuhi na jioni mpaka yakawa yanavunjika yakifinywa. Nikapima: kasoro kidogo ya robo kilo. Kilo moja ya majani ya mchicha, kwa njia hiyo hiyo, ilibaki kama gramu 90. Kila aliyeona ule mchicha alicheka. Lakini ndani ya zile gramu 90 kulikuwa na chuma chote cha kilo nzima. Kilichoondoka ni maji, na sehemu ya vitamini.

Na hapa ndipo sifa ya kweli ya mronge inapoonekana, nayo iko kwenye jani bichi. Kwa kuwa lina maji machache, fungu lake moja limejaa zaidi. Gramu 100 za majani mabichi ya mronge zina chuma miligramu 4, wakati mchicha una 2.3. Protini, majedwali yanatofautiana, lakini iko kati ya gramu 6 na 9, na mboga nyingine zote tulizozitaja hazifiki hata 3 na robo. Vitamini C ni 52 kwa mronge, 43 kwa mchicha, 35 kwa sukuma. Kwa mtoto wa miaka miwili ambaye tumbo lake ni dogo na hushiba kwa vijiko vitano, hilo ni jambo kubwa: kila kijiko cha mronge kina chakula mara mbili ya kile cha mchicha. Zaidi ya hayo, mronge ni mti. Januari na Februari, wakati mchicha umekufa kwa kiu na bei ya sukuma imepanda, wenyewe bado una majani.

Hata hivyo jani hilo bichi halishindi kila mahali, na pale linaposhindwa ndipo palipomhusu shemeji. Mama mjamzito anahitaji foleti, ile vitamini inayosaidia kutengeneza damu na uti wa mgongo wa mtoto. Mronge mbichi una mikrogramu 40 tu katika gramu 100. Mchicha una 85, sukuma 129, spinachi 194. Kwa hiyo ile mboga inayouzwa kama dawa ya mjamzito ndiyo ya mwisho kwenye foleti kati ya zote nne, na ile sukuma tunayoidharau kuwa chakula cha kusukumia wiki inaizidi mara tatu. Kuhusu kalsiamu pia, namba peke yake haitoshi. Spinachi ina oksaleti nyingi, kitu kinachoshika kalsiamu isifyonzwe, na vipimo vimeonyesha mwili unapata kama asilimia 5 tu ya kalsiamu yake. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Jamii ya sukuma ina kidogo sana, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kama ya maziwa au hata zaidi. Kwa mifupa, mimi ningekula sukuma.

Turudi kwenye kijiko cha asubuhi, maana hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa mronge. Kijiko kikubwa kimoja kinabeba kama gramu 8. Hizo zina chuma miligramu 2.2 hivi, kalsiamu 160, protini gramu 2. Vitamini C karibu hakuna, kwa sababu ukaushaji umeiondoa: katika gramu 100 za unga zinabaki kama miligramu 17. Sasa chukua mafungu ya terere ya kutosha sahani moja ya kushiba, tuseme gramu 300 kabla ya kupikwa, maana mchicha hunywea. Chuma ni kama miligramu 7, mara tatu ya kijiko, pamoja na foleti ambayo hata baada ya moto inabaki ya maana. Kwa mafungu mawili au matatu, hapo umetumia shilingi 40 au 60. Kijiko cha unga, kwa pakiti ya 300 inayotoa vijiko 12, ni shilingi 25. Ukitafuta chuma kwa shilingi ile ile, mchicha unashinda, na tena umekula chakula.

Lakini hata mchicha haukuwa jibu la damu 8.9, na hili nililisema mbele ya wote wawili asubuhi yake. Kidonge kimoja cha kliniki, kile chenye chuma na asidi foliki pamoja, kina chuma miligramu 60. Ukitaka kuzipata miligramu hizo kwenye unga wa mronge unahitaji zaidi ya gramu 200, yaani pakiti mbili nzima na vijiko viwili juu yake, kila siku. Ni vijiko 27. Na hapo bado tunadanganya kwa upande wa mronge, kwa sababu chuma cha majani hufyonzwa kidogo sana. Sehemu kubwa hupita tu.

Mwanyumba akauliza, "Kwa hiyo tumekuwa tukitupa pesa?"

Nikamwambia hapana, unga ni chakula kizuri, ila si kidonge. Nikamwomba shemeji anieleze anameza vipi vile vidonge. Alikuwa akivimeza asubuhi kabla ya kula chochote, na wakati huo ndio tumbo la mjamzito huwa limevurugika zaidi. Na akila chakula cha mchana, anashushia kikombe cha chai ya rangi. Chai hiyo, ikinywewa pamoja na chakula, huondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata kwenye mboga. Sisi Waswahili tuna ugonjwa huu kuwashinda hata wao: sahani haijaondolewa, birika limeshafika. Ndimu hufanya kinyume chake. Vitamini C ikiwa mdomoni pamoja na chuma cha jani, chuma hicho hufyonzwa zaidi, na kukamulia ndimu kwenye mchicha ni jambo lisilogharimu kitu.

Nikamshauri arudi kliniki akaseme ukweli kwamba ameacha vidonge na kwa nini. Alikuwa anaogopa kugombezwa. Alikwenda siku ya pili na mumewe, na mkunga hakumgombeza. Alimwambia ameze usiku baada ya chakula cha jioni, anywe maji mengi, na kwamba choo cheusi ni cha kawaida kwa anayetumia chuma. Kwa kuwa damu ilikuwa chini alimwandikia viwili kwa siku badala ya kimoja, na tarehe ya kurudi kupimwa.

Kuna jambo moja nililolikuta nyumbani mwao ambalo lilinitisha kuliko lile la vidonge. Jirani mmoja, kwa mapenzi yake, alikuwa amemletea kipande cha mzizi wa mronge achemshe, "kwa kuwa majani peke yake ni mepesi." Majani ya mronge huliwa na watu wengi, na kwa kiasi cha mboga hayana shida. Mizizi na magome ni jambo lingine kabisa. Yana sumu zake, na katika tiba za jadi za huko mti unakotoka yalitumika hata kuharibu mimba. Mzizi ule niliutupa mwenyewe, na shemeji akaahidi kumweleza jirani yake taratibu asimvunje moyo. Neno la tahadhari pia kwa wazee wetu wenye sukari wanaotumia dawa: unga wa majani unaweza kushusha sukari, kwa hiyo ukiuongeza kwenye dawa, mwambie daktari wako.

Kwa anayetaka kuupika, mronge usiupike kama kisamvu. Kisamvu lazima kitwangwe na kichemke sana, kwa sababu ya sumu yake. Mronge hauhitaji hivyo. Pukuchua majani machanga, uyaoshe, uyatie kwenye tui likishachemka, dakika tano, uepue. Ukichemsha muda mrefu na kumwaga maji, ile vitamini C inapungua sana. Hata kwa upishi wa kawaida inashuka kutoka 52 hadi kama 31. Ladha yake ina ukali kidogo, kwa hiyo nyumbani kwangu tunachanganya nusu kwa nusu na mchicha. Hivyo tunapata chuma cha mmoja na foleti ya mwingine, na watoto hawalalamiki.

Wiki nne baadaye mwanyumba alinipigia simu kutoka Laare, upepo unavuma kwenye simu, anapiga kelele kana kwamba simu haifanyi kazi. Kipimo kilikuwa kimefika 10.1, alhamdulillah. Haijafika 11 bado, na mkunga alisema aendelee. Nikamuuliza kuhusu unga. Akasema pakiti ile waliimaliza, wakiweka kwenye uji, lakini hawakununua nyingine. Ile mia tatu sasa inakwenda kwenye terere, mayai na ndimu. Yule mama wa sokoni alimuuliza mbona haonekani upande wa pakiti, naye akamjibu kwamba amehamia upande wa pili wa meza ile ile.